HDL ilipanda, mishtuko ya moyo haikupungua: kwa nini niasini iliachwa

*Daktari, nina miaka 56, naishi Morogoro. Mwaka jana nilipata mshtuko wa moyo, sasa natumia atorvastatini. Kipimo cha mwisho LDL, ile kolesteroli mbaya, ilikuwa 1.7 na HDL, ile nzuri, 0.9. Kaka yangu aliyeko Marekani aliandikiwa niasini miaka ya 2000 kwa sababu HDL yake ilikuwa chini kama yangu, na sasa amenitumia chupa ya vidonge vya mg 500. Daktari wangu amenikatalia, anasema haitumiki tena. Inakuwaje dawa iliyosifiwa miaka yote hiyo leo ionekane haifai?*

Kaka yako hakudanganywa, na daktari wako hajakosea. Tangu kaka yako aandikiwe vidonge vile, yamefanyika majaribio mawili makubwa kwa watu wa hali kama yako: wana ugonjwa wa mishipa ya moyo, wako kwenye statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli za jamii ya atorvastatini yako, na LDL yao imeshashuka. Majaribio hayo ndiyo yaliyobadilisha mambo, kwa hiyo nitakaa zaidi hapo. Lakini ili uyaelewe, lazima kwanza nieleze sifa ya niasini ilitoka wapi, maana haikuwa ya uongo.

Niasini ni vitamini B3. Mtu mzima anahitaji mg 14 hadi 16 kwa siku, na anayeikosa kabisa hupata pelagra. Mwaka 1955, Rudolf Altschul, Abram Hoffer na J. D. Stephen, waliokuwa wakifanya kazi jimbo la Saskatchewan, Kanada, walitangaza kwamba niasini ikitolewa kwa kipimo cha gramu, kolesteroli ya damu inashuka. Zingatia kipimo hicho. Gramu 2 kwa siku ni zaidi ya mara mia moja ya mahitaji ya mwili. Ukifika hapo hunywi vitamini tena, unatumia dawa yenye nguvu, yenye faida zake na madhara yake. Tena kazi hiyo hufanywa na asidi ya nikotini peke yake. Ndugu yake, nikotinamidi, ambayo pia huuzwa kwa jina la B3, haigusi kolesteroli.

Wakati huo madaktari hawakuwa na dawa nyingi za kolesteroli. Kwa hiyo mwaka 1966 Marekani ilianzisha utafiti uliojulikana kama Coronary Drug Project, uliochukua wanaume zaidi ya 8,000 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo. Waligawanywa kwa kura katika makundi, kila kundi likapewa dawa yake, na kundi moja likapewa vidonge visivyo na dawa. Baadhi ya dawa zilizojaribiwa, zikiwamo homoni ya kike ya estrojeni na dawa ya jamii ya homoni za tezi ya shingo, zilisitishwa kabla ya wakati kwa sababu ziliumiza watu. Niasini, gramu 3 kwa siku, ilivuka hadi mwisho. Kolesteroli ilishuka kwa karibu asilimia 10, na mishtuko ya moyo isiyoua ilikuwa michache kuliko kwa wasiopewa dawa. Vifo, hata hivyo, vililingana. Baadaye watafiti waliwafuatilia tena watu walewale, na mwaka 1986 wakaripoti kwamba baada ya miaka kama 15, katika kila watu 100 walikuwa wamekufa 52 wa kundi la niasini na 58 wa kundi la vidonge visivyo na dawa.

Ripoti hiyo ndiyo iliyoijengea niasini jina, na mimi naiheshimu. Lakini angalia mazingira yake. Hakuna hata mmoja kati ya watu wale aliyekuwa kwenye statini, kwa kuwa statini hazikuwapo. Kolesteroli yao ilikuwa juu na hakukuwa na kingine cha kuishusha. Katika hali hiyo, dawa inayoipunguza hata kidogo ina mahali pa kuonyesha faida.

Statini ya kwanza, lovastatini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Mwaka 1994 ukatoka utafiti wa nchi za Skandinavia uliotumia simvastatini kwa wagonjwa 4,444 wenye maradhi ya moyo, na vifo vikapungua kwa karibu theluthi. Hakuna dawa ya kolesteroli iliyokuwa imewahi kufanya hivyo kwa uwazi wa namna ile. Kuanzia hapo haikutosha tena kuuliza kama niasini ni bora kuliko kukaa bila dawa. Ilibidi iulizwe kama inaongeza chochote kwa mtu ambaye tayari anatumia statini.

Jibu lililoonekana dhahiri lilikuwa HDL. Tafiti za kufuatilia watu kwa miaka mingi, ule wa mji wa Framingham ukiwa maarufu zaidi, zilikuwa zimeonyesha kwamba wenye HDL ndogo hupata ugonjwa wa moyo mara nyingi zaidi. Statini hupandisha HDL kidogo tu. Niasini huipandisha kwa asilimia 20 hadi 30, kuliko dawa nyingine zilizokuwapo. Mwaka 1997 Marekani iliruhusu aina inayoyeyuka taratibu, ya kumezwa mara moja usiku, na matumizi yakaongezeka sana. Fikra ilikuwa nyepesi kushika: statini ishushe LDL mbaya, niasini ipandishe HDL nzuri, mgonjwa apate kinga maradufu. Tafiti ndogo zilizopima unene wa kuta za mishipa kwa picha zilitia moyo. Kaka yako aliandikiwa dawa katika miaka hiyo, na daktari wake alikuwa akifuata mawazo ya wataalamu wa wakati wake.

Kilichokuwa hakijafanyika ni kuhesabu watu. Picha ya mshipa si mshtuko wa moyo, na namba ya maabara pia si mshtuko wa moyo. Ilitakiwa kuchukua maelfu ya wagonjwa walio kwenye statini, nusu waongezewe niasini, nusu wasiongezewe, kisha kusubiri miaka na kuhesabu nani amepata mshtuko, nani kiharusi, nani amekufa.

Jaribio la kwanza la namna hiyo liliitwa AIM-HIGH, likagharimiwa kwa sehemu kubwa na taasisi za afya za serikali ya Marekani. Lilikuwa na wagonjwa 3,414, wote na ugonjwa wa mishipa, wote na HDL ya chini kama wewe. Napenda kukueleza lilivyopangwa, kwa kuwa ubora wake uko hapo. Niasini ina tatizo kwa mtafiti: mgonjwa akiimeza anajua. Seli za ngozi hutoa kemikali iitwayo prostaglandini D2, mishipa midogo inatanuka, na ndani ya nusu saa hivi uso, shingo na kifua vinawaka moto, vinakuwa vyekundu na kuwasha. Kama kundi moja linawaka na lingine haliwaki, siri imetoka. Kwa hiyo hata vidonge vya kundi la kulinganisha viliwekwa niasini kidogo, ya kutosha kuwasha ngozi lakini ndogo mno kubadilisha kolesteroli kwa maana. Pia madaktari waliruhusiwa kurekebisha kipimo cha simvastatini, na kuongeza ezetimibi, dawa nyingine ya kushusha LDL, inapobidi, ili LDL ibaki ya chini katika makundi yote mawili. Lengo lilikuwa kuiacha HDL iwe tofauti kubwa iliyobaki kati yao.

HDL ilipanda kama ilivyotarajiwa, kutoka takriban 0.9 hadi 1.1 mmol/L. Mafuta mengine ya damu, trigliseridi, yalishuka vizuri. Ukiangalia karatasi za maabara peke yake ungesema dawa imefaulu. Lakini mwezi Mei 2011, wagonjwa wakiwa wamefuatiliwa wastani wa miaka 3, jaribio lilisimamishwa mapema. Waliopatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au matukio mengine yaliyokuwa yakihesabiwa walikuwa asilimia 16.4 kwa waliopewa niasini, na asilimia 16.2 kwa wasiopewa. Hakukuwa na tofauti, na hakukuwa na dalili kwamba ingejitokeza kwa kusubiri.

Wapo waliobisha, na ubishi wao ulikuwa na uzito. Walisema wagonjwa 3,000 na ushei ni wachache, na kwamba hata kundi la kulinganisha HDL yake ilipanda kidogo. Wakaomba tusubiri jaribio kubwa zaidi lililokuwa tayari njiani.

Hilo liliitwa HPS2-THRIVE, likaendeshwa na Chuo Kikuu cha Oxford, na wagonjwa 25,673 kutoka Uingereza, nchi za Skandinavia na China. Wote walitumia simvastatini mg 40, na waliohitaji wakaongezewa ezetimibi. Nusu walipewa niasini gramu 2 ya kuyeyuka taratibu, iliyochanganywa na laropipranti, dawa ya kuzuia ngozi isiwake. Kabla ya kugawanywa, kila mtu alijaribiwa kwanza kwa wiki kadhaa na dawa yenyewe, na karibu theluthi moja walijitoa, wengi kwa sababu ya madhara. Maana yake, walioingia kwenye jaribio ni wale walioivumilia. Hata hivyo, miaka ilipopita, robo yao waliiacha.

Walifuatiliwa kwa karibu miaka 4. Chukua watu 1,000 wanaotumia statini peke yake: 137 walipata tukio kubwa la moyo au mishipa. Chukua 1,000 wengine walioongezewa niasini: 132. Tofauti ni watu 5, na kitakwimu tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba bahati peke yake inaweza kuileta. Sasa geukia upande wa pili. Katika kila 1,000 waliokuwa na kisukari tangu mwanzo, niasini iliongeza watu 37 waliovurugikiwa na sukari vibaya, wengi wao wakalazwa. Katika kila 1,000 wasiokuwa na kisukari, iliongeza wagonjwa wapya wa kisukari 13. Juu ya hayo kulikuwa na ongezeko la madhara makali ya tumbo, ya misuli, na mawili ambayo hakuna aliyeyatarajia: maambukizi makali, watu 14 zaidi katika kila 1,000, na kutokwa damu, watu 7 zaidi. Vifo navyo vilikuwa vingi kidogo upande wa niasini, ingawa si kwa kiwango cha kuthibitisha kwamba ndiyo iliyoua.

Kuna hesabu moja katika matokeo hayo ambayo naona inafunga mjadala kuliko nyingine zote. Katika THRIVE niasini ilishusha LDL kwa wastani wa 0.25 mmol/L, na kupandisha HDL kwa 0.16. Tunajua kutoka majaribio mengi ya statini kwamba kila LDL inaposhuka kwa 1 mmol/L, matukio ya moyo na mishipa hupungua kwa kama asilimia 20 hivi. Robo ya 1 basi ingeleta punguzo la asilimia 5. Kilichoonekana ni asilimia 4. Kwa maneno mengine, faida ndogo iliyoonekana, kama ni ya kweli, inaelezeka yote kwa kushuka kwa LDL. Kupanda kwa HDL, ambako ndiko kulikokuwa sababu ya kuandika dawa hii, hakukubakiziwa hata chembe.

Ushahidi kutoka pembe nyingine ulikuja wakati huohuo. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba wa watu wengi sana. Wapo wanaozaliwa na badiliko dogo katika jini moja linalofanya HDL yao iwe juu maisha yao yote, bila kugusa LDL. Kama HDL yenyewe ingekuwa inalinda moyo, watu hawa wangekuwa na mishtuko michache. Hawakuwa nayo michache. Na dawa nyingine mbili zilizotengenezwa kwa ajili ya kupandisha HDL, torsetrapibi na dalsetrapibi, zilikuwa zimeshafeli. Torsetrapibi ilisitishwa mwaka 2006 kwa kuongeza vifo, wakati HDL ilikuwa imepanda kwa zaidi ya nusu.

Basi HDL ya chini inatuambia nini? Inatuambia kweli kwamba mtu yuko kwenye hatari, kwa kuwa mara nyingi inakwenda pamoja na kitambi, kisukari kinachonyemelea, sigara, na trigliseridi nyingi. Ila kuipandisha kwa kidonge hakuondoi mambo hayo. Zaidi ya hapo, kipimo cha maabara kinatupa kiasi cha kolesteroli iliyomo ndani ya HDL, hakituelezi kama HDL hiyo inafanya kazi ya kuondoa kolesteroli kwenye kuta za mishipa. Ni kama kuhesabu wachukuzi waliosimama bandarini bila kujua kama kuna mzigo wanaoushusha.

Utasikia watetezi wa niasini wakisema kwamba lawama ni ya laropipranti. Hoja hiyo inastahili kujibiwa, maana dawa zilichanganywa kidonge kimoja na THRIVE peke yake haiwezi kuzitenganisha. Lakini AIM-HIGH haikuwa na laropipranti, na ilipochambuliwa upya ilionyesha nayo ongezeko la maambukizi makali na matatizo ya tumbo. Na sukari kupanda kulishaonekana tangu Coronary Drug Project. Wanasema pia kwamba wagonjwa wa THRIVE walikuwa na LDL nzuri mno tangu mwanzo, wastani wa 1.6, kwa hiyo hapakuwa na pa kuboresha. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu sisemi kwamba niasini haikuwahi kumsaidia mtu yeyote. Lakini tazama namba yako: LDL yako ni 1.7. Wewe ndiye mgonjwa wa THRIVE.

Baada ya matokeo ya kwanza kutangazwa mwishoni mwa 2012, kampuni ya Merck iliondoa sokoni kidonge chake cha niasini na laropipranti, Januari 2013. Mwezi Aprili 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ikafuta ruhusa ya vidonge vilivyounganisha niasini na statini, na ikafuta pia maelekezo ya kutumia niasini ya kuyeyuka taratibu pamoja na statini, ikisema faida haizidi tena madhara. Haikupigwa marufuku kabisa. Wapo wagonjwa wachache, wenye matatizo ya nadra ya kurithi ya mafuta ya damu au wasioweza kutumia dawa nyingine, ambao mtaalamu anaweza bado kuifikiria. Hali yako haimo humo.

Sasa chupa yenyewe. Soma lebo kwa makini. Kama imeandikwa *niacinamide* au *nicotinamide*, hiyo haina kazi yoyote kwenye kolesteroli. Kama imeandikwa *no-flush* au *flush-free*, mara nyingi ndani ni inositoli iliyounganishwa na niasini, na huachia niasini kidogo mno kiasi cha kutofanya chochote kwa kolesteroli. Kama ni *nicotinic acid* au *niacin* yenye maneno *slow release* au *sustained release*, hiyo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Virutubisho vya aina hiyo, vinavyouzwa bila cheti cha daktari, vina historia ya kudhuru ini, hasa mtu akipita gramu 2 kwa siku au akibadilisha kutoka aina ya kawaida kwenda hiyo kwa kipimo kilekile. Kutowaka ngozi humfanya mtu adhani iko salama, kumbe ini linaumia kimyakimya.

Kama ulishaanza kuimeza, acha, na umwambie daktari wako umetumia kiasi gani na kwa muda gani. Aombe vipimo vya ini, sukari ya kabla ya kula, na asidi ya yuriki, kwa sababu niasini huipandisha na kuamsha jongo. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, au ukapata kichefuchefu na uchovu usioeleweka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya misuli usiyapuuze pia, kwa kuwa uko kwenye statini. Ila atorvastatini usiiache wewe mwenyewe. Hiyo ndiyo inayokulinda.

Kuhusu LDL ya 1.7: kwa mtu aliyekwisha kupata mshtuko, mwongozo wa Ulaya unataka iwe chini ya 1.4. Kwa hiyo kuna kazi iliyobaki, ni ya upande wa LDL. Muulize daktari wako kipimo chako cha atorvastatini ni kiasi gani na kama kinaweza kuongezwa. Kikiwa kimefika mwisho, muulize kuhusu ezetimibi. Hiyo nayo ilijaribiwa juu ya statini, kwa watu zaidi ya 18,000 waliotoka kwenye mshtuko wa moyo au hali inayokaribia hapo, na katika kila 100 walioitumia kwa miaka 7 ilizuia matukio kwa watu 2. Si wengi, lakini ni faida iliyohesabiwa kwa watu, na haikuleta madhara niliyoyataja. HDL yako ya 0.9 iwe sababu ya kupima sukari, kiuno na trigliseridi, na kuacha sigara kama unavuta.

Kaka yako naye, kama bado anameza vidonge vile, mwambie arudi kwa daktari wake akiwa na mambo mawili ya kuuliza: kama LDL yake imeshashuka kwa statini, niasini inamfanyia nini, na mara ya mwisho kupimwa ini na sukari ilikuwa lini.